Majibu ya notisi ya kupandisha kodi, nyumba C4

Nyumba C4
Donholm, Nairobi
3 Septemba 2025

Kwa Mzee, mwenye ploti
Nakala: msimamizi wa ploti

KUH: NOTISI YA 30 AGOSTI 2025 YA KUPANDISHA KODI KUTOKA SH. 28,000 HADI SH. 34,000

Mzee,

Salamu kwako na kwa Mama. Notisi yako ilinifikia Jumamosi jioni kwa mkono wa msimamizi, nami nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kuandika. Inasema kuanzia 1 Oktoba kodi itakuwa 34,000 na dipoziti iongezwe 6,000 ilingane na kodi mpya. Maana yake ni kwamba Oktoba natakiwa kulipa 40,000 mahali nilipozoea kulipa 28,000.

Sipingi kodi kupanda. Naomba mambo mawili: ipande kwa kiasi kidogo kuliko hicho, na ianze 1 Februari 2026.

Nianze na tarehe, kwa sababu hapo nadhani kuna jambo lililosahaulika. Mkataba tuliotia sahihi Januari 2021 unasema katika kipengele cha 9 kwamba kodi itapitiwa kwa notisi ya maandishi, na si kabla ya miezi 24 kupita tangu ilipopitiwa mara ya mwisho. Mara ya mwisho ilikuwa 1 Februari 2024, ilipotoka 25,000 ikaingia 28,000. Miezi 24 inatimia 31 Januari 2026. Mwaka wa kwanza wa mkataba uliisha zamani na sasa tunakwenda mwezi kwa mwezi, lakini masharti mengine tumeendelea kuyafuata sote wawili, na hata nyongeza ya 2024 uliileta baada ya muda huo kupita. Nimeambatisha nakala ya ukurasa huo, uuone kwa macho yako.

Mzee, naelewa pia mipaka yangu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za makazi, Sura ya 296, inagusa nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo hii yetu haimo. Na chini ya kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012, upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja, ikiishia siku ya kulipa kodi. Ukitaka nihame, njia unayo. Sikuandikii kukutisha na mahakama. Nakuandikia kwa sababu naamini kuna kiwango kinachotufaa sote, na hesabu yake naiweka hapa.

Kutoka 28,000 hadi 34,000 ni ongezeko la asilimia 21.4 kwa mara moja. Mfumuko wa bei uliotangazwa na KNBS kwa Agosti ni asilimia 4.5 kwa mwaka. Tukichukua kiwango hicho kwa miaka miwili mfululizo, mwaka wa pili ukihesabiwa juu ya wa kwanza, tunapata asilimia 9.2. Asilimia 9.2 ya 28,000 ni 2,576. Kodi inayolinda thamani ya pesa yako tangu Februari 2024 ni kama 30,500, na hicho ndicho kiwango ninachopendekeza.

Notisi imetaja sababu tatu, nami nazijibu moja moja.

Ya kwanza ni ushuru wa serikali. Sitaki kuingilia mambo yako na KRA. Ila kama ploti iko kwenye ule utaratibu wa kulipa asilimia ya kodi yote inayokusanywa kila mwezi, kiwango hicho kilishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia 1 Januari 2024. Kwa nyumba ya 28,000, ushuru ulitoka 2,800 ukawa 2,100. Sababu hiyo peke yake haiwezi kubeba nyongeza ya 6,000.

Ya pili ni mlinzi na stima ya pampu. Hili nakubali limepanda. Lakini ploti ina nyumba 24, na nyongeza ya 2,500 kwa kila nyumba ni 60,000 kwa mwezi. Kama mlinzi na pampu vimeongezeka kupita hapo, nionyeshe bili tu, nami nitaitazama hesabu yangu upya bila ubishi.

Ya tatu ni kwamba nyumba za jirani ni 35,000. Jumapili nilizunguka nikauliza. Zile za 35,000 ziko kwenye jengo jipya lenye lifti, kisima chake na nafasi ya gari kwa kila mpangaji. Za vyumba viwili zisizo na lifti, zinazofanana na hii, nilitajiwa 29,000, 30,000 na 32,000. Na kwenye geti letu wenyewe kuna kibao cha B2, yenye vyumba sawa na vyangu, kwa 30,000. B2 iko wazi tangu Juni na A6 tangu Julai. Nataja hili kwa heshima: mpangaji mpya akiingia B2 kwa 30,000 nami wa miaka minne nikalipa 34,000 ngazi ileile, itakuwa vigumu kwangu kulielewa.

Tuangalie pia gharama ya mimi kutoka. Tofauti kati ya 34,000 unayotaka na 30,500 ninayotoa ni 3,500 kwa mwezi. C4 ikikaa wazi mwezi mmoja tu, umekosa 30,500, na utahitaji karibu miezi 9 ya ile tofauti kuirudisha. Ikikaa wazi miezi miwili kama A6 ilivyokaa, ni miezi 17 na zaidi, kabla hujamlipa fundi wa rangi na anayekuletea mpangaji.

Kwa upande wangu, tangu Februari 2021 hadi Agosti 2025 ni miezi 55, na nimelipa jumla ya 1,432,000. Mara moja tu nilipita tarehe 5: Machi 2023 nililipa tarehe 11, na nilikupigia simu kabla. Taarifa ya M-Pesa nimeiambatisha. Kodi ya Septemba, 28,000, nimeituma leo asubuhi.

Kuna jambo la tangi ambalo ningependa liingie katika maafikiano haya. Boya la tangi la juu ya bloku C halifungi. Usiku ambao maji ya mfereji yanakuja, tangi linajaa, boya halizuii, na maji yanamwagika hadi alfajiri. Yanateremka na ukuta wa nje upande wa chumba cha watoto. Rangi imebambuka kuanzia kwenye dari hadi usawa wa dirisha, na kabati imebidi niisogeze kama futi mbili kutoka ukutani kwa sababu nguo za nyuma zilianza kunuka ukungu. Asubuhi saa kumi na mbili tangi liko nusu, na kufikia jioni hakuna kitu, hivyo nyumba nane za bloku C tunajaza mitungi ya lita 20 chini na kuipandisha kwa ngazi. Ni boya la kubadilishwa, tena pampu itapumzika na stima itapungua, maana sasa inasukuma maji yanayoishia kwenye mtaro. Ukuta usipakwe rangi kabla boya halijabadilishwa na plasta haijakauka, la sivyo rangi itabambuka tena mvua za Novemba zikipiga.

Basi pendekezo langu ni hili. Kodi ibaki 28,000 hadi 31 Januari 2026. Kuanzia 1 Februari iwe 30,500, na isiguswe hadi 31 Januari 2028. Boya likibadilishwa na ukuta ukishughulikiwa kabla ya 31 Januari, nitalipa 31,000 badala ya 30,500, kwa sababu maji ya uhakika yana thamani kwangu. Dipoziti nitaiongeza ilingane na kodi mpya kwa awamu mbili sawa, Februari na Machi, kila moja kwa risiti inayosema wazi ni dipoziti, isije ikachanganywa na kodi siku ya kuhama.

Kama una haja ya pesa mapema na Februari ni mbali, nipo tayari kwa njia ya pili, hata kama mkataba haunilazimishi: 29,500 kuanzia 1 Novemba 2025, kisha 31,000 kuanzia 1 Novemba 2026 hadi 31 Oktoba 2027. Hapa unaanza kupata nyongeza miezi mitatu mapema, nami napata nafasi ya kujipanga. Dipoziti katika njia hii iongezwe mara moja tu, Novemba 2026.

Na ukiona kwamba chini ya 34,000 haiwezekani kabisa, naomba muda wa kuhama kwa utaratibu. Mtoto wangu mkubwa yuko Gredi ya 6 na atafanya KPSEA mwisho wa Oktoba. Muhula wa tatu umeanza wiki iliyopita na shule ni ya kutembea kwa miguu kutoka hapa. Kumhamisha sasa ni kumvuruga wiki chache kabla ya mtihani. Niruhusu nikae kwa 28,000 hadi 30 Novemba. Barua hii iwe notisi yangu kwa hali hiyo pekee. Wanaotaka kuiona nyumba nitawafungulia kila Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja. Jumamosi 29 Novemba tukague pamoja, tuandike kilichoharibika na bei yake, na dipoziti yangu ya 28,000 irudi ndani ya siku 7. Ukuta wa tangi usihesabiwe kwangu; picha nilizompa msimamizi mwezi Mei zipo, na nakala ninazo.

Naomba jibu kwa maandishi kufikia Jumatatu 15 Septemba, hata ujumbe wa simu unatosha, ili nijue mapema kama natafuta nyumba au la. Oktoba ikifika tukiwa bado tunazungumza, nitalipa 28,000 kwa tarehe ya kawaida, na hilo lisichukuliwe kuwa nimekaidi. Tukiafikiana nyongeza inayoanzia tarehe hiyo, salio nitalituma ndani ya siku 5. Tukielewana, tuandike ukurasa mmoja wa nyongeza ya mkataba wenye kodi mpya, tarehe ya kuanza na tarehe ya kupitiwa tena, tutie sahihi sote wawili, kila mmoja abaki na yake.

Ukipita ploti wikendi hii niko nyumbani Jumapili kuanzia saa tisa. Karibu chai, na nikuonyeshe ule ukuta.

Wako mtiifu,

Mama Baraka
Mpangaji, C4

Viambatisho: ukurasa wa mkataba wenye kipengele cha 9, taarifa ya malipo ya M-Pesa, Februari 2021 hadi Agosti 2025, picha nne za ukuta na tangi.