Pendekezo kwa majirani: kisima kimoja kwa nyumba tano, na kila mmoja alipe kiasi gani

Mtopanga, Mombasa
12 Januari 2026

Kwa Mzee Kombo, Mama Rukia, Bwana Charo na Mama Mwende.

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Wiki iliyopita nilihesabu mitungi iliyoingia kwangu kwa mkokoteni: 38. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 30, kwa hivyo nilitoa Sh. 1,140 kwa maji yasiyofika hata lita 800. Bomba lilitoa maji siku moja, usiku wa manane, na aliyelala yalimpita. Maji ya mji huu yanatoka mbali, mengine Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, na sisi tuko mwisho wa laini. Sioni tukikaa kuyangojea miaka mingine kumi.

Ombi langu ni tuchimbe kisima kimoja cha mashine, cha nyumba zote tano. Tulipolizungumza kibarazani kwa Mzee Kombo kila mtu alikubali, hadi lilipokuja suala la nani alipe ngapi, tukaagana. Nimelikalia suala hilo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Fundi aliyekuja kupima kwa macho ametupa makadirio ya Sh. 800,000. Upimaji wa mtaalamu wa miamba na vibali ni 120,000. Kuchimba mita 40 pamoja na mabomba ya kuzuia kuta zisibomoke ni 320,000. Pampu na waya wake 130,000, tangi la lita 10,000 na mnara wake 190,000, stima na mita yake 40,000. Bomba la kutoka kwenye tangi hadi nyumbani kwako halimo humo. Hilo kila mmoja atajilipia, kwa kuwa mwenye nyumba ya mbali hawezi kumtwika wa karibu urefu wa bomba lake.

Tukigawa sawa kwa sawa, kila nyumba ni 160,000. Ni hesabu rahisi, lakini Mzee Kombo na mkewe ni watu wawili, na ploti ya Bwana Charo ina vyumba vinane vyenye watu kama ishirini. Tukigawa kwa vichwa tupu, Bwana Charo atalipa 400,000 peke yake, na mwenye kulipa nusu ya kisima ana haki ya kujiona mwenye kisima. Sitaki tufike huko, na nadhani yeye pia hataki.

Kwa hivyo napendekeza tukate gharama mapande mawili. Shimo lenyewe, vibali na stima vinagharimu kile kile, wanywe wawili au ishirini. Ukubwa wa pampu na tangi ndio unaofuata idadi ya watu. Kwa nyumba ya Mzee Kombo pekee lingetosha tangi la lita 1,000. Nikizipanga gharama hivyo, upande wa shimo unazidi kidogo, lakini pia nyumba yenye watu wengi hufaidika zaidi na shimo hilo hilo. Basi tuseme nusu kwa nusu: 400,000 kwa nyumba, yaani 80,000 kila mmoja, na 400,000 kwa watu. Sisi sote ni watu 40, kwa hivyo kila kichwa ni 10,000.

Mzee Kombo (watu 2): 100,000
Mama Rukia (5): 130,000
Mimi (6): 140,000
Mama Mwende (7): 150,000
Bwana Charo (20): 280,000

Mtoto akizaliwa hatuji kudai 10,000. Lakini atakayeongeza vyumba vya kupangisha, awe nani, ataongeza mchango wake kwa kipimo hiki hiki, na fedha hizo ziingie kwenye akiba ya matengenezo.

Tusitoe zote kwa pamoja. Kwanza tupime tu: Sh. 45,000, ambazo zimo ndani ya zile 120,000. Hapa tugawane sawa, 9,000 kwa kila nyumba, zikatwe baadaye kwenye fungu lako. Mtaalamu akisema hapana, tumepoteza wote sawa na hakuna wa kurudishiwa. Nataka apime sasa, kabla ya masika, maji ya chini yakiwa yamepungua. Ripoti yake ndiyo tutakayoipeleka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kuomba idhini ya kuchimba. Tafadhali asitokee mtu wa kusema tuchimbe kwanza kibali kije baadaye.

Kuna jambo la chumvi, na hili msilipite haraka. Chini yetu ni jiwe la matumbawe na bahari haiko mbali. Maji baridi ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Ukichimba kupita kiasi, au ukiweka pampu kubwa ukayavuta kwa pupa, unaipandisha chumvi, na ikishapanda haishuki upesi. Mchimbaji hulipwa kwa mita, kwa hivyo sitarajii yeye ndiye atakayetuambia tusimame. Mkataba wake useme kina kinafuata ripoti. Tuweke pampu ndogo inayojaza tangi polepole usiku kucha. Ndiyo sababu tangi ni kubwa. Maji yapimwe chumvi na vijidudu kabla mtu hajayanywa, kwani vyoo vyetu vyote ni vya shimo.

Mahali pazuri ni pembe ya kiwanja cha Mzee Kombo, ndipo palipo mbali zaidi na mashimo hayo. Mzee ameshasema atatoa mita mbili kwa mbili bure. Mzee wangu, shukrani, lakini naomba tuliandike. Leo uko wewe. Kesho wanao wanaweza kuuza, na mnunuzi akafunga geti. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inaruhusu haki kama hiyo isajiliwe kwenye hati ya kiwanja. Gharama ya wakili tuibebe sisi wanne.

Kila nyumba iwe na mita yake ndogo ya maji. Nimekisia Sh. 120 kwa lita 1,000: 70 za stima, 50 za akiba, maana pampu itakufa siku moja, na haitachagua siku tuna pesa. Lita hizo hizo kwa mkokoteni ni 1,500. Mama Mwende ameshika vitabu vya chama chake miaka mingi; naomba awe mweka hazina, na kutoa pesa benki kuwe na saini mbili, yake na ya mwingine asiye mimi.

Asiyelipa miezi miwili mfululizo, bomba la nyumba yake lifungwe. Hata hivyo mfereji mmoja wa nje ubaki wazi, mtu ajaze mtungi. Kumnyima jirani maji ya kunywa siwezi kukutia saini.

Anayeona fungu lake ni zito kulitoa mara moja anijie kwa faragha. Hadi miezi kumi naweza kumshikia mmoja, bila riba na bila mtu mwingine kujua.

Tukutane kwangu Jumapili tarehe 18, baada ya swala ya Alasiri. Mwenye hesabu nyingine aje nayo imeandikwa tuiweke kando ya hii. Bwana Charo, fungu lako ndilo kubwa, kwa hivyo wewe ndiye utakayeanza kusema. Mahamri yatakuwepo, maji ya chai nimeshayanunua.

Jirani yenu,
Mama Salma, nyumba ya geti la kijani