Ripoti ya uhakiki: mswada kuhusu gesi ya mazuku kati ya Goma na Sake

KWA MHARIRI PEKE YAKE

Ndugu Mhariri,

Asante kwa kunikabidhi mswada huu. Pendekezo langu ni marekebisho makubwa, kisha urudishwe kwa wahakiki. Sishauri ukataliwe. Data zilizomo ni ngumu kupatikana, na sehemu kubwa ya kasoro zinaweza kurekebishwa mezani bila kurudi uwanjani.

Kuna jambo unalopaswa kulijua kabla ya kuipokea ripoti yangu. Majina ya waandishi yamefutwa, lakini hapa Goma wanaopima gesi za ardhini wanajuana karibu wote, na kwa jinsi maeneo yalivyoelezwa nadhani nimeitambua timu. Mmoja wao, kama ni yeye, alikuwa akifundisha nilipokuwa mwanafunzi. Hakunisimamia, na hatujawahi kuandika makala pamoja. Mimi bado ni asistanti. Sioni kwamba hilo linanizuia kusema ninachokiona, ila uamuzi ni wako. Ukiona inafaa kumtafuta mwingine, sitakwazika. Mswada sijamwonyesha mtu, hata msimamizi wa tasnifu yangu.

Kuhusu takwimu, kasoro niliyowaeleza waandishi hapa chini nina hakika nayo. Modeli mbadala ninayoipendekeza, afadhali ipitiwe na mtu aliyebobea katika takwimu.

Ombi langu moja ni kwamba maneno yangu juu ya Jedwali la 3, lile la ngazi za hatari, yasilainishwe. Jedwali hilo likichapishwa lilivyo, halitabaki kwenye jarida; litaishia kwenye mabango ya tahadhari Mugunga na kwenye simu za watu. Mengine unaweza kuyapunguza makali ukiona nimezidisha.

KWA WAANDISHI

Waheshimiwa waandishi,

Mswada wenu unaripoti vipimo vya CO2 katika mazuku 11, yaani mashimo ambamo gesi hiyo hujikusanya, magharibi ya Goma, pamoja na mahojiano na wakazi wanaolima na kuchunga karibu nayo. Nimeuelewa kuwa na madai manne: kwamba gesi huongezeka msimu wa mvua, kwamba chanzo chake ni magma, kwamba mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 uliizidisha, na kwamba maeneo yanaweza kupangwa kwa ngazi za hatari. Naona dai la nne ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalohitaji kazi zaidi. La kwanza na la tatu, kwa data mlizonazo, hayasimami.

Nianze na mahojiano, kwa sababu mmeyaweka nyuma wakati yalistahili kuwa mbele. Mashimo mawili kati ya 11 hamkuyajua mpaka mlipoonyeshwa na akina mama wanaoteka maji upande wa Bulengo, na yote mawili yalitoa vipimo vya juu. Hayo ni matokeo, si shukrani za ukurasa wa mwisho. Vilevile maelezo ya wachungaji, kwamba mbuzi hufia bondeni alfajiri na si mchana, yanaeleza tabia ya gesi hii vizuri kuliko baadhi ya vielelezo vyenu. Naomba yapandishwe kwenye sehemu ya matokeo na yalinganishwe na vipimo.

Na hapo ndipo linapoanzia pingamizi langu kubwa. Wachungaji wanasema alfajiri, nyinyi mmepima kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri (uk. 7). CO2 ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu. Usiku hewa inapotulia na kupoa, hujikusanya kwenye mabonde; jua likichomoza na upepo wa ziwa ukianza, hutawanyika. Kwa hiyo mmeipima saa ambazo iko chini kabisa, kisha mkatangaza kwamba mashimo matano ni “salama kwa shughuli za kila siku” (uk. 14). Sentensi hiyo lazima iondoke. Naelewa kwa nini hamkupima usiku. Anayeijua barabara ya Sake hahitaji kuelezwa. Lakini sababu ya kiusalama inaeleza upungufu wa data, haiujazi. Kama mnaweza kuacha kipimo kinachojiandikia chenyewe usiku kucha hata kwenye mashimo mawili tu, ndani ya sanduku la chuma na mwenye shamba akilipwa kukilinda (betri bila mlinzi haitakaa hadi asubuhi), makala itabadilika sura. Ikishindikana, semeni wazi kwamba vipimo vyenu ni vya mchana na havithibitishi usalama wa mahali popote.

Urefu wa kipimo una tatizo la aina hiyohiyo. Mlishika kifaa mita 1 juu ya ardhi. Mtu mzima anayepita anapumua juu ya hapo. Mtoto aliyelala mkekani, au mama aliyeinama akipalilia, anapumua sentimita 20 au 30 kutoka chini, na gesi inayojipanga kwa tabaka inaweza kuwa na viwango viwili tofauti kabisa katika nafasi hiyo ndogo. Katika Kiambatisho B nimeona mashimo matatu ambako mlipima pia sentimita 10 kutoka ardhini. Kwa nini namba hizo zimefichwa nyuma? Kwa mashimo hayo matatu, chora mkusanyiko dhidi ya urefu na mkiweke kielelezo hicho mbele. Mimi kama msomaji ningekitazama kabla ya kingine chochote.

Sasa kifaa chenyewe. Vipimo 38 vimeandikwa 50,000 ppm kamili, bila kupungua wala kuzidi. Huo ndio mwisho wa uwezo wa kifaa chenu kwa mujibu wa uk. 6, maana yake hatujui gesi ilifika wapi. Mmezichukua namba hizo kama vipimo vya kweli na kutafuta wastani wake, na wastani huo hauwezi kuwa sahihi. Andikeni “zaidi ya 50,000” na mtumie thamani ya kati badala ya wastani. Aidha, kifaa cha infraredi huhesabu molekuli zilizo ndani ya chemba yake, na Goma iko mita 1,460 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu hektopaskali 850 dhidi ya 1,013 za pwani. Kifaa kilichorekebishwa kwa hali ya pwani kitasoma pungufu kwa takriban asilimia 16. Mswada hausemi kama marekebisho hayo yalifanyika, wala lini kifaa kilijaribiwa kwa gesi ya kiwango kinachojulikana. Tafadhali elezeni yote mawili.

Jedwali la 3 ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mmeweka 5,000 ppm kuwa mwanzo wa “hatari ya kifo”. Hicho ni kikomo cha kazini kwa zamu ya saa nane, hakiui. Kiwango kinachotambuliwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni 40,000 ppm, na karibu na 100,000 mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Kwa mpangilio wenu, shimo lenye 6,000 na lenye zaidi ya 50,000 yamepewa rangi nyekundu ileile. Mkulima anayepita kwenye lile la kwanza kila siku bila kudhurika ataona nyekundu yenu ni porojo, na ataingia kwenye la pili kwa imani hiyohiyo. Naomba jedwali lipangwe upya kwa ngazi zinazoeleweka, na kila ngazi itajwe pamoja na urefu na saa ya kipimo.

Katika aya inayofuata mnasema waathirika hufa “kwa kukosa oksijeni tu”. Piga hesabu: hewa yenye CO2 asilimia 10 bado ina oksijeni karibu asilimia 19. Gesi hii ina sumu yake yenyewe, na hilo lina maana kwa anayefikiri kwamba akishikilia pumzi kidogo ataweza kumvuta mwenzake kutoka shimoni.

Dai la msimu. Mashimo sita yalipimwa kiangazi, Juni hadi Agosti, na matano mengine yalipimwa masika. Hakuna hata moja lililopimwa misimu yote miwili. Tofauti mliyoiona inaweza kuwa ya mvua, na inaweza kuwa ya mashimo yenyewe. Hakuna hesabu itakayozitenganisha. Kuongeza vipimo 36 kwa kila shimo hakusaidii, kwa sababu vipimo 396 kutoka mashimo 11 si ushahidi 396 unaojitegemea, na ile p < 0.001 imetokana na kuvihesabu hivyo. Modeli inayolichukulia shimo kama kundi itatoa picha ya haki zaidi kwa maswali mengine, lakini dai la msimu naomba liondolewe kwenye ikisiri na hitimisho, au mrudi kupima mashimo machache katika msimu uliokosekana.

Dai la mlipuko wa 2021 ni rahisi zaidi: vipimo vyenu vinaanza 2022. Bila cha kabla hakuna “kuongezeka”. Kumbukumbu za wakazi mlizozinukuu zinaweza kubaki, zikiitwa kumbukumbu.

Kuhusu magma, naona inaelekea kuwa kweli, na nyufa za bonde la ufa zinatoa njia ya wazi ya gesi kupanda. Ila CO2 hutoka pia kwenye udongo wenye mimea inayooza. Bila kupima isotopu za kaboni au za heli hamwezi kuandika “tumethibitisha”. “Inawezekana” inatosha, na haiwapunguzii heshima.

Jambo la maadili. Uk. 11 unataja kijiji, mwaka, umri wa mtoto aliyefariki na kazi ya baba yake. Jina halipo, lakini jirani yeyote atamjua. Ramani ya Kielelezo cha 4 nayo inaonyesha nyumba moja moja. Ondoeni maelezo hayo, mchore ramani kwa ngazi ya mtaa, na mtaje kibali cha maadili kilitolewa na nani na ridhaa ya familia ilipatikanaje. Sitaweza kupendekeza uchapishaji kabla ya hili kukamilika, hata kama mengine yote yatakuwa sawa.

Madogo: vizio vinabadilika kati ya ppm na asilimia, chagueni kimoja. Kielelezo cha 2 hakina kipimo cha mhimili wa wima. Lac Vert imeandikwa kwa namna tatu. Utangulizi una kurasa mbili za historia ya volkano tangu 1977 ambazo zinaweza kuwa aya mbili. Nafasi hiyo wapeni wachungaji.

Mkijibu, nitashukuru mkionyesha ukurasa na mstari wa kila badiliko, na pale msipokubaliana nami mseme hivyo na sababu yake. Kwenye swali la urefu wa kipimo hasa, huenda mna data ambazo sijaziona.

Kwa heshima,
Mhakiki wa 2