Muhtasari wa kikao cha Jumatatu kuhusu chanjo zilizopigwa na baridi

Kwa wajumbe wote wa kikao, na kwa muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hakuwepo.

Kikao kilirekodiwa kwa dakika 52. Nakala ya maandishi iliyotolewa na programu ina makosa mengi, na mawili kati yake ni ya hatari, kwa hiyo nimesikiliza rekodi yote upya kabla ya kuandika. Tafadhali msifanye kazi kwa kufuata ile nakala.

Kosa la kwanza liko dakika ya 6. Nakala inasema joto la jokofu "lilifika hasa mbili". Muuguzi wa chanjo alisema "hasi mbili". Mbili ni joto salama, maana chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Hasi mbili ni barafu. Kirekodi joto kinaonyesha jokofu lilikaa chini ya sifuri kwa saa 3 na dakika 10 usiku wa kuamkia Jumatatu.

La pili liko dakika ya 17. Nakala imeandika "vichupa vitatumika". Rekodi inasema wazi "havitatumika", na mkuu wa kituo akarudia: "Havitatumika mpaka tupime, tumeelewana?" Silabi moja imemezwa na agizo limegeuka. Mtu akisoma nakala peke yake kesho asubuhi, atachanja watoto kwa vichupa tulivyovizuia.

Nakala pia imewachanganya muuguzi wa chanjo na mhudumu wa afya ya jamii, ikawaita wote "Msemaji 2". Nimewatenganisha kwa sauti, na kwa mambo ambayo mmoja wao tu angeweza kuyajua.

Yaliyoamuliwa

Vichupa 40 vya pentavalenti na 24 vya pepopunda vimezuiwa. Vinabaki ndani ya jokofu, kwenye trei ya peke yake yenye maandishi USITUMIE, kwa sababu vikitolewa nje vitaharibika kwa joto kabla hatujajua kama viliharibika kwa baridi. Mtunza stoo ndiye mwenye dhamana navyo.

Jaribio la kutikisa litafanyika Jumatano saa 3 asubuhi, na muuguzi wa chanjo pamoja na mtunza stoo. Kichupa kimoja cha aina ileile, mtengenezaji yuleyule na toleo lilelile kitagandishwa makusudi usiku kucha hadi kiwe barafu kabisa, kisha kiyeyushwe. Hicho na kinachoshukiwa vitatikiswa pamoja, viwekwe juu ya meza na kutazamwa hadi dakika 30. Kinachoshukiwa kikituama polepole kuliko kilichogandishwa, kiko salama. Kikituama kwa kasi ileile au zaidi, kimeharibika na kitatupwa. Kichupa kitakachokutwa na barafu ndani hakipimwi, kinatupwa moja kwa moja.

Chanjo za surua na kifua kikuu zinaendelea kutolewa. Unga wake hauharibiwi na kuganda, ila maji yake ya kuchanganyia yakaguliwe, na chupa yoyote iliyoganda au kupasuka iondolewe. Hapa nakala inasema zitupwe "saa sita". Maana yake si adhuhuri. Ni saa 6 tangu kuchanganywa, au mwisho wa kipindi cha kuchanja, lolote litakalotangulia.

Joto litasomwa na kuandikwa mara mbili kila siku, wikendi ikiwemo.

Jokofu jipya halijaamuliwa. Nakala inasema "tumekubaliana kununua", lakini mhasibu alisema "hatujakubaliana", na hakuna aliyempinga.

Yaliyobaki wazi

Zito kuliko yote ni watoto waliochanjwa pentavalenti Jumatatu asubuhi, kabla kirekodi joto hakijasomwa. Nakala inasema walikuwa 19. Kwenye rekodi mlango unagongwa palepale, na ninachosikia kwa uhakika ni "tisa" tu. Wanaweza kuwa 9 au 19, nami sitakisia. Daftari la chanjo ndilo lenye jibu, na hakuna aliyepewa kazi ya kulifungua. Pia haikuamuliwa nani atatoa uamuzi wa kuwachanja upya iwapo vichupa vitaonekana vimeharibika. Chanjo ya aina hii ikiganda hupoteza nguvu, na kuiyeyusha hakuirudishi. Mtoto anaweza kuwa na alama kwenye kadi bila kuwa na kinga.

Je, pentavalenti zote 40 ni za toleo moja? Mtunza stoo alitaja namba mbili na nakala imezivuruga zote. Kama matoleo ni mawili, vichupa vya kulinganishia navyo lazima viwe viwili, mbali na kile cha pepopunda.

Nani aliyegeuza kitufe cha kurekebisha baridi, na lini? Nani atasoma joto Jumamosi na Jumapili? Yote mawili yaliulizwa, mazungumzo yakahamia kwingine.

Msimamo wa kila msemaji

Muuguzi wa chanjo anashikilia kwamba kisichopimwa kisitumike, hata kama kipindi cha Jumanne kitaahirishwa. Hataki akina mama waambiwe chochote kabla ya matokeo ya Jumatano, asije akawatisha bure.

Mhudumu wa afya ya jamii anampinga kwenye hilo la mwisho. Anasema mama akisikia habari hii kwa jirani kabla ya kuisikia kwetu, hatarudi kwa dozi inayofuata. Anataka kuwatembelea Jumanne. Kwenye nakala maneno yake yamewekwa mdomoni mwa muuguzi, hivyo muuguzi anaonekana kujipinga mwenyewe. Hakujipinga. Mkuu wa kituo hakuamua kati yao.

Mtunza stoo alianza kwa kusema chanjo ni nzima kwa sababu alama ya joto kwenye vichupa haijabadilika rangi. Muuguzi alimweleza kwamba alama ile huonyesha joto lililozidi tu, haionyeshi kuganda. Aliukubali ukweli huo dakika ya 22 na kuunga mkono jaribio. Nakala imeacha kukubali kwake, jambo ambalo si haki kwake. Anasema pia kwamba Jumatatu alikuta kitufe kwenye namba 6.

Fundi anasema Ijumaa alikiacha kwenye namba 4. Maneno yaliyoandikwa "sita kigusa tena" si namba: alisema "sitakigusa tena" bila mtu wa chanjo kuwa pembeni. Wasomaji waangalie sana hapo, kwa kuwa namba 6 ndiyo inayobishaniwa na nakala inamfanya aonekane amekiri. Hakukiri.

Mhasibu hapingi jokofu jipya, ila anataka kwanza taarifa ya maandishi ya fundi kuonyesha kama tatizo ni chombo au ni matumizi.

Mkuu wa kituo anasimama na muuguzi kuhusu kuzuia vichupa. Kuhusu kitufe, alisema hatafuti wa kumlaumu kabla ya Jumatano.

Yeyote anayeona nimemwelewa vibaya anijulishe kabla ya Jumanne saa 10 jioni, na mtunza stoo aniletee namba za matoleo kabla ya muda huohuo, maana hapo ndipo vichupa vya kulinganishia vinaingia kwenye friza.

Katibu wa kikao