Somo la tatu: kifurushi, tegemezi na ngazi

Mpaka sasa tumepanga bei ya kitu kimoja kimoja: gharama, faida, jirani anauzaje. Lakini hakuna muuzaji hapa Mombasa anayeuza kitu kimoja pekee. Muuza mbaazi ana mahamri na chai, fundi wa mabuibui ana vitambaa vya aina aina, na mwenye saiba anauza kuchapisha, kutoa kopi na kulaminisha. Bei ya kimoja huivuta au kuisukuma bei ya kingine. Leo tutaangalia njia tatu za kuzipanga bei hizo kwa pamoja. Hesabu zote za maduka ni za mfano, kwa hivyo weka zako mahali pake.

Bei ya kifurushi

Kifurushi ni vitu viwili au zaidi vinavyouzwa pamoja kwa bei iliyo chini ya jumla ya bei zao. Wengi hudhani siri yake ni punguzo. Siri hasa ni kwamba wateja hawathamini vitu kwa kiwango kimoja.

Chukua kibanda cha asubuhi kule Majengo. Sahani ya mbaazi inamgharimu mama muuzaji shilingi 20, na mahamri ya mtu mmoja shilingi 20. Wamekuja wateja wawili. Mpagazi ana njaa ya kushiba: mbaazi yuko tayari kuzilipia hadi 60, mahamri 30 tu. Msusi anapenda mahamri: atayalipia hadi 50, mbaazi 40.

Akiuza kimoja kimoja, mbaazi akiziweka 40 wote wawili watanunua, faida 40. Mahamri akiyaweka 50, msusi peke yake atanunua, faida 30. Jumla 70, na huwezi kupata bei nyingine za kimoja kimoja zitakazompa zaidi. Jaribu mwenyewe.

Sasa angalia jumla: mpagazi 60 na 30, msusi 40 na 50. Kila mmoja ana 90 mfukoni kwa ajili ya vyote viwili. Mama akiandika ubaoni «mbaazi na mahamri 85», wote wananunua na kila mmoja anabakiwa na shilingi tano ya kufurahia. Mauzo 170, gharama 80, faida 90. Mbaazi ni zilezile, wateja ni walewale, na faida imepanda kutoka 70 hadi 90.

Usifute bei za kimoja kimoja ubaoni, ila zisiwe rahisi mno. Mbaazi 60, mahamri 50, vyote 85. Asiyetaka mahamri ana pa kwenda, na anayetaka vyote anaona mwenyewe kwamba ameokoa 25.

Kifurushi hakisaidii pale wateja wote wanapopenda kitu kilekile na kukidharau kilekile. Hapo unagawa punguzo bure. Na kuna kifurushi cha kulazimisha: sukari imeadimika, na mwenye duka anakwambia huipati bila kununua majani ya chai yaliyomlalia rafuni. Kwa wiki moja atauza, lakini mtaa mzima utamkumbuka. Linganisha na leso za Biashara Street: zinauzwa jozi, vipande viwili bado havijakatwa, na hakuna anayenung'unika, kwa sababu kimoja ni cha kujifunga na kingine cha kujitanda.

Bei ya bidhaa tegemezi

Hapa kuna bidhaa mbili: moja hununuliwa mara moja, ya pili haina mwisho, na ya kwanza haifanyi kazi bila ya pili. King'amuzi na malipo ya mwezi. Printa na wino. Muuzaji huishusha bei ya kwanza ili iingie nyumbani mwako, kisha faida anaitafuta kwenye ya pili.

Mfano maarufu ni wembe wa Gillette, na watu huusimulia kinyume. Husemwa kwamba mpini uliuzwa bei ya kutupa tangu siku ya kwanza. Sivyo: ulipotoka mwanzoni mwa karne iliyopita, seti yake iliuzwa dola 5, pesa nyingi wakati huo. Mpini wa bei rahisi ulikuja baada ya hataza kuisha mwaka 1921, washindani walipoanza kuingia.

Kwanza jifunze kama mnunuzi, hasa nyinyi wenye saiba. Tuseme printa ya katriji ni 8,500, na katriji ya 1,800 inatoa kurasa 120. Hiyo ni shilingi 15 za wino kwa ukurasa, kabla hujahesabu karatasi. Ukimtoza mteja 10, kila ukurasa unaotoka unakula pesa zako. Printa ya tangi tuseme ni 24,000, chupa ya wino 1,300, kurasa 4,000: hazifiki hata senti 35 kwa ukurasa. Tofauti ya bei ya mashine ni 15,500, na inarudi ukishachapisha kurasa kama 1,060. Kwa saiba yenye wanafunzi, muda huo si mrefu.

Sasa kama muuzaji. Wengi wenu mnauza maji ya kujaza, na mmeniuliza kama mshushe bei ya chupa ya lita 20. Chupa umeinunua 450, unaiuza 300, umekula hasara ya 150. Kila kujaza kunakupa faida ya 40, kwa hivyo mteja akijaza mara nne umerudisha pesa yako na kubakiwa na 10. Hesabu nzuri, ila ina tundu: chupa yako inajazika kwa jirani pia. Atajaza kwako mara moja, kisha ataona duka la karibu na ngazi zake, na wewe utakuwa umemnunulia mwenzako mteja.

Kwa hivyo uliza kwanza: mteja anafungwa na nini? Katriji inafungwa na umbo lake. Maji hayafungwi na kitu. Ukitaka kufanya hivyo, chupa ibaki yako, yenye rangi na jina lako, mteja aweke amana, alete tupu achukue iliyojaa. Au acha chupa kwa bei yake na ushindane kwa kumpelekea mlangoni.

Bei ya ngazi

Hii ni bidhaa ya jamii moja kwa viwango kadhaa, na bei zimepangwa kwa hatua. Treni ya Madaraka Express inakupa picha: nauli zilipopandishwa Januari 2024, Miritini hadi Nairobi ilikuwa 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Reli ni ileile, na wote wanafika saa ileile.

Fundi wa mabuibui Mji wa Kale ana matatu. La kawaida linamgharimu 1,500, analiuza 2,300. La kitambaa kizito gharama 2,000, bei 3,300. La nakshi za mkono gharama 3,600, bei 6,000. Faida ni 800, 1,300 na 2,400. Sasa msimu wa Idi anatamani kuliuza lile la kati 2,500. Aliyekuja na nia ya la kawaida ataongeza 200 na kuchukua la kati, na faida ya fundi itashuka kutoka 800 hadi 500, kwa kazi nzito zaidi. Hatua ikiwa fupi mno, bidhaa zako zinakulana zenyewe. Ikiwa ndefu mno, mteja wa chini hapandi kamwe. Na tofauti lazima mteja aishike kwa mkono wake. Mpe kitambaa akipapase kabla hujataja bei.

Zoezi

Kwa wiki ijayo, andika bidhaa tano unazouza, gharama na bei ya kila moja. Chagua mbili za kuunganisha na uwaulize wateja watatu, kila mmoja kivyake, angelipa hadi ngapi kwa kila moja. Njoo na majibu hata kama hayaungi mkono kifurushi chako. Hayo ndiyo tutakayoanza nayo.