Ombi la Kuongezewa Muda wa Mradi wa Maji Kilwa Bila Gharama ya Ziada

Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji,
Kilwa Masoko,
Mkoa wa Lindi.

10 Machi 2025

Kumb. Na. KM/RZK/07/2025

Meneja wa Ruzuku,
Kanda ya Afrika Mashariki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MIEZI SITA YA UTEKELEZAJI WA MRADI WA MAJI SAFI VIJIJINI, WILAYA YA KILWA, BILA GHARAMA YA ZIADA

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha mkataba wa ruzuku, kinachotutaka kuwasilisha ombi la aina hii si chini ya siku 90 kabla ya mradi kufikia ukomo, ninaandika kuomba tarehe ya mwisho wa mradi isogezwe kutoka 30 Juni 2025 hadi 31 Desemba 2025. Hatuombi nyongeza yoyote ya fedha. Idadi ya visima, vijiji vitakavyonufaika na matokeo tuliyoahidi vinabaki kama vilivyoandikwa katika mkataba tuliotia saini kabla ya mradi kuanza 1 Julai 2023.

Kati ya visima virefu vinane tulivyopaswa kuchimba, vitano vimekwisha chimbwa na vinatoa maji yanayofaa kwa kunywa. Vinne kati ya hivyo vimefungwa pampu za nishati ya jua, matangi na vituo vya kuchotea maji, na wananchi wanachota. Vyoo vya shule zote tano vilikamilika Desemba 2024, na elimu ya usafi imetolewa katika vijiji vyote vinane, vikiwemo vile ambavyo bado havina maji ya mradi (jambo ambalo, nikiri, limewafanya maofisa wetu waulizwe maswali magumu kwenye mikutano). Vilivyobaki ni visima vitatu katika vijiji vilivyo kando ya barabara ya Nangurukuru hadi Liwale, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ambavyo havijakamilika. Hadi 28 Februari 2025 tulikuwa tumetumia shilingi 371,450,000 kati ya shilingi 642,000,000 za ruzuku, na salio ni shilingi 270,550,000.

Sababu za kuchelewa

Sababu kubwa ni mvua. Mvua za El Nino zilizoanza Oktoba 2023 zilikuta timu yetu ya upimaji wa maji ardhini ikiwa kazini, na vipimo tulivyotarajia kuvimaliza ndani ya wiki sita vilichukua zaidi ya miezi mitatu kwa kuwa njia za kufikia vijiji vya ndani zilikuwa hazipitiki. Mvua hizo ziliungana na masika ya 2024, mafuriko yakaikumba Rufiji mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikafika katika pwani yetu. Barabara kuu ya kusini ilikatika maeneo kadhaa, likiwemo eneo la Somanga hapa Kilwa, na kwa siku kadhaa wilaya yetu haikufikika kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Mtambo wa kuchimba visima ulikuwa upande wa pili. Hata baada ya barabara kuu kufunguliwa, barabara ya udongo ya kuelekea Liwale, inayopita katika bonde la Mto Matandu, ilihitaji wiki nyingine kadhaa kabla ya kubeba gari la uzito ule. Uchimbaji tuliopanga uanze Aprili ulianza 2 Julai 2024.

Sehemu ya ucheleweshaji, hata hivyo, ilitokana na sisi wenyewe, na nisingependa mvua ibebe lawama isiyo yake. Zabuni ya kwanza ya uchimbaji, tuliyoitangaza Januari 2024, ilivutia kampuni mbili tu, na zote zilitaja bei iliyozidi fungu tulilotenga. Makadirio yetu yalikuwa yametegemea bei za mwaka 2022, wakati mradi ulipokuwa ukiandikwa, na hatukuyapitia upya kabla ya kutangaza. Tulilazimika kugawa kazi upya, tukitenganisha uchimbaji na ujenzi wa matangi, na kutangaza mara ya pili. Mkataba na mkandarasi wa sasa ulisainiwa 18 Machi 2024, takriban wiki saba baada ya tarehe iliyokuwa kwenye mpango kazi wa awali. Laiti ungesainiwa kwa wakati, huenda visima viwili vya mwanzo vingechimbwa kabla ya masika kukolea. Tangu hapo kamati yetu ya manunuzi inahuisha bei za soko kila robo mwaka.

Tatizo la tatu lilijitokeza ardhini. Novemba 2024 kisima cha sita kilichimbwa hadi kina cha mita 94 na kutoa maji ya kutosha, lakini sampuli zilizopimwa maabara zilionyesha chumvi iliyozidi kiwango kinachokubalika nchini kwa maji ya kunywa. Wapo walioshauri tukifunge pampu hivyo hivyo, kwa hoja kwamba wananchi wamezoea maji ya chumvi na hata ya kufulia yanahitajika. Tulikataa. Kisima ambacho watu watakikimbia na kurudi kwenye madimbwi ya mtoni hakiwezi kulipiwa na watumiaji, na kisicholipiwa hakitengenezwi kinapoharibika. Kisima hicho kimefunikwa kwa zege, na upimaji mpya wa kutafuta eneo jingine umefanyika Februari 2025. Mtambo ulikuwa umekwisha ondoka kwenda kazi nyingine, na masika haya hayatauruhusu kurudi kabla ya Juni.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulituchelewesha kidogo tu. Tuliahirisha kuchagua viongozi wa vyombo vya maji kutoka Oktoba hadi Januari ili mikutano yetu isichukuliwe kuwa kampeni ya mtu, na ili wenyeviti wapya wa vijiji washiriki tangu mwanzo.

Kwa nini miezi sita

Tulijiuliza kama miezi mitatu ingetosha, na jibu ni hapana, kwa sababu ya mfuatano wa kazi zenyewe. Pampu haiwezi kuagizwa kabla kisima hakijapimwa uwezo wake wa kutoa maji, kwa kuwa ukubwa wa pampu na idadi ya paneli hutegemea kina cha maji na kiasi kinachopatikana kwa saa. Ndiyo maana tulinunua pampu tano tu, na hatukuweka fedha za wafadhili stoo kwa kubahatisha. Visima vikichimbwa Juni na Julai, pampu zitaagizwa mwanzoni mwa Agosti, zitafika baada ya wiki nane hivi, na zitafungwa Oktoba. Mwezi huo huo nchi itakuwa katika Uchaguzi Mkuu, hivyo mikutano mikuu ya vijiji imepangwa kumalizika kabla ya kampeni kuanza, na Oktoba imeachwa kwa kazi za mafundi peke yake.

Mpango kazi uliorekebishwa

| Kipindi (2025) | Kazi | Msimamizi | Uthibitisho |
|---|---|---|---|
| Machi–Mei | Kufunga pampu kisima cha tano. Kuomba kibali cha kuchimba eneo jipya. Kusajili chombo cha maji cha tano | Mratibu wa mradi | Kibali. Cheti cha usajili. Hati ya makabidhiano |
| Juni–Julai | Kuchimba visima vitatu, kupima uwezo wake na ubora wa maji | Mhandisi wa mradi na mkandarasi | Taarifa za uchimbaji. Majibu ya maabara |
| Agosti | Kuagiza pampu tatu. Kuanza kujenga minara ya matangi. Mikutano ya kuchagua viongozi wa vyombo vitatu | Mratibu na ofisa manunuzi | Hati za manunuzi. Mihtasari ya mikutano |
| Septemba | Kukamilisha minara, kulaza mabomba, kujenga vituo tisa vya kuchotea maji | Mhandisi wa mradi | Vyeti vya hatua za ujenzi |
| Oktoba | Kufunga pampu na paneli. Majaribio ya mfumo | Mhandisi wa mradi | Taarifa ya majaribio |
| Novemba | Mafunzo ya uendeshaji, matengenezo na utunzaji wa hesabu. Kuanza kukusanya malipo ya maji | Mratibu wa mradi | Daftari za mapato. Orodha za washiriki |
| Desemba | Makabidhiano kwa RUWASA Wilaya na vijiji. Ukaguzi wa hesabu | Mkurugenzi Mtendaji | Hati za makabidhiano. Taarifa ya mkaguzi |

Kufunga pampu ya kisima cha tano kumewekwa ndani ya masika kwa makusudi, kwani kazi hiyo haihitaji mtambo mzito na vifaa vimekwisha fikishwa kijijini. Usajili wa vyombo vya maji unafuata Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na vinne vya mwanzo vimekwisha sajiliwa. Mkandarasi amethibitisha kwa maandishi kwamba bei ya visima vitatu haitabadilika iwapo ataanza kabla ya 31 Agosti 2025, na nyongeza ya mkataba inaweka adhabu kwa kila siku ya kuchelewa isiyotokana na hali ya hewa. Endapo kisima chochote kati ya hivyo vitatu kitatoa maji yasiyofaa, tutakutaarifu ndani ya siku saba na kukubaliana nawe hatua inayofuata kabla ya kutumia fedha zaidi.

Gharama za miezi ya nyongeza

Uendeshaji kwa miezi sita utagharimu shilingi 26,100,000, yaani shilingi 4,350,000 kwa mwezi: mshahara wa mratibu shilingi 2,400,000, mhasibu wa muda shilingi 750,000, mafuta na matengenezo ya pikipiki shilingi 800,000, na ofisi shilingi 400,000. Mhandisi analipwa kwa hatua za ujenzi, ambazo fungu lake lipo. Mikataba ya maofisa wawili wa elimu ya usafi itamalizika 30 Juni kama ilivyopangwa, kwa kuwa kazi yao imekamilika.

Fedha hizo zitatokana na akiba iliyopo. Nafasi ya mratibu ilikaa wazi miezi minne mwaka jana, na shilingi 9,600,000 hazikutumika. Ziara ya mafunzo nje ya mkoa, iliyotengewa shilingi 7,200,000, tunapendekeza ifutwe, kwa kuwa vyombo vinne vinavyofanya kazi hapa hapa Kilwa sasa vinaweza kuwafundisha wenzao vizuri zaidi. Shilingi 9,300,000 zimeokolewa kwenye fungu la usafiri baada ya kuacha kukodi gari kila mwezi. Uhamisho wote ni takriban asilimia 4 ya ruzuku, chini ya asilimia 10 ambayo mkataba unaruhusu kuhamishwa kati ya mafungu, lakini tunauombea kibali chako kwa sababu unagusa fungu la mishahara.

Iwapo muda hautaongezwa, tutasimamisha uchimbaji, tutakamilisha kisima cha tano, na kurejesha salio lisilotumika kama mkataba unavyoelekeza. Kuchimba visima Juni na kuviacha bila pampu si jambo tunaloweza kulipendekeza.

Ili mtambo ufike Nangurukuru wiki ya kwanza ya Juni, mkandarasi anahitaji taarifa yetu ifikapo 30 Aprili 2025. Tutashukuru kupata uamuzi wako kabla ya tarehe hiyo, na tuko tayari kukupokea wewe au mwakilishi wako kwa ukaguzi wa visima vilivyokamilika, pamoja na kile kilichofunikwa, wakati wowote barabara ikiruhusu. Bajeti iliyorekebishwa, majibu ya maabara, barua ya mkandarasi na mihtasari ya mikutano ya vijiji vimeambatishwa.

Naomba kuwasilisha.

Mkurugenzi Mtendaji

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa
Meneja wa RUWASA, Wilaya ya Kilwa
Mwenyekiti wa Bodi ya asasi