Swali la 7: Eleza jinsi muswada unavyokuwa sheria Tanzania, ukionyesha nafasi ya Bunge na ya Rais (alama 10)

Kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 1977, Bunge lina sehemu mbili, yaani Rais na wabunge, na kwa hiyo kura za wabunge pekee hazitoshi kutunga sheria.

Muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha husomwa mara ya kwanza, hatua ambayo Katibu wa Bunge husoma jina lake tu bila mjadala. Kazi kubwa hufanywa na kamati, ambayo huuchambua na kupokea maoni ya wadau. Katika kusomwa mara ya pili, waziri, ikiwa ni muswada wa Serikali, hutoa hoja, wabunge hujadili, na Kamati ya Bunge Zima huupitia kifungu kwa kifungu. Baada ya kusomwa mara ya tatu hupelekwa kwa Rais.

Rais akikubali na kutia saini, muswada huwa sheria. Akikataa, Ibara ya 97 humtaka aurudishe pamoja na sababu zake, na hauwezi kupelekwa kwake tena kabla ya miezi sita isipokuwa umeungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wabunge wote. Ukifika kwake kwa njia hiyo ndani ya muda huo, lazima aukubali katika siku 21, la sivyo alivunje Bunge.