Metadata ya Somo la 14: Kumweleza Mnunuzi Mgeni Sampuli ya Korosho kwa Kiingereza

Rekodi hii inaambatana na somo la 14 katika mfululizo wa masomo ya Kiingereza cha kazini unaofundishwa jioni mjini Newala, mkoani Mtwara. Mwalimu atakayelipokea somo hili bila kuwahi kuniona aisome yote kabla ya kuwachezea wanafunzi faili la sauti, kwa kuwa sehemu ya matatizo ya kawaida ndiyo inayobeba uzito wa somo kuliko virai vyenyewe. Sehemu inayosomwa na kompyuta ni hii:

```
id: ghala-14
language: en
audience: sw-TZ
level: A2
topic: cashew-sample
duration: PT80M
audio: ghala_a2_14.mp3
version: 3
```

Ngazi. Somo limepangwa katika ngazi ya A2, ambayo ni ya pili kutoka chini kati ya ngazi sita za mfumo wa Ulaya wa kupima lugha. Herufi na tarakimu hizo hazimsaidii sana karani wa ghala, kwa hiyo naieleza ngazi kwa matendo: anayestahili kuanza somo hili ni yule anayeweza kujitambulisha, kuhesabu hadi mia moja bila kusita na kuuliza bei ya kitu, lakini hushikwa na kigugumizi mgeni anapomjibu kwa sentensi ndefu. Anayemaliza somo ataweza kusimama mbele ya mnunuzi, kutaja namba nne za sampuli, kujibu maswali mawili au matatu kuhusu namba hizo, na kumwomba mgeni arudie pale asipomwelewa. Asiyejua kuhesabu kwa Kiingereza arudishwe somo la 5 bila kuonewa haya, kwani somo hili lote ni namba.

Walengwa. Ni makarani wa maghala, wapima ubora na vijana wa vyama vya msingi vya ushirika, wengi wao wakiwa wamemaliza kidato cha nne. Hawa wamesoma sekondari kwa Kiingereza na wanaweza kuielewa barua iliyoandikwa, lakini hawakupata nafasi ya kuizungumza lugha hiyo na mtu asiyejua Kiswahili, na mdomo wao uko nyuma ya macho yao. Kwa sababu hiyo somo halina zoezi hata moja la kujaza nafasi zilizo wazi, ingawa wanafunzi wenyewe huliomba kila mara kwa kuwa ndilo walilolizoea.

Mada. Mada ni mazungumzo ya ghalani kati ya mpima ubora na mnunuzi kutoka nje, msimu wa mauzo unapoanza mwezi Oktoba. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa zao hili mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, na sehemu kubwa huishia India na Vietnam kwa kubanguliwa. Mnunuzi anayefika ghalani huwa hajaja kupatana bei, kwa sababu bei hupatikana mnadani. Amekuja kujua kilichomo ndani ya magunia. Kwa hiyo nimeviondoa virai vya kubembeleza bei vilivyokuwamo katika toleo la kwanza, ambavyo vilikuwa vya soko la vinyago na si vya ghala.

Mwalimu asiyewahi kuona sampuli ikikatwa aelewe kinachozungumzwa. Mpima huchoma magunia kadhaa kwa bambo, huchanganya korosho zilizotoka, kisha hupima kilo moja. Huhesabu idadi ya korosho katika kilo hiyo, husoma unyevu katika kipima unyevu, ambao kwa kawaida hautakiwi kuzidi asilimia 10, halafu hukata kila korosho katikati na kutenga viini vizima vyenye afya, vyenye madoa au vichanga, na vilivyooza. Viini vizuri huhesabiwa kwa uzito wao wote, vyenye madoa na vichanga kwa nusu ya uzito, vilivyooza havihesabiwi kabisa, na jibu, ambalo kwa Kiingereza huitwa outturn, hutajwa kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80. Sampuli ya somo ilitoa gramu 262 za viini vizuri na gramu 18 za viini vyenye madoa:

```
(262 + 18/2) x 80 x 2.2046 / 1000 = 47.8
```

Mwanafunzi aifanye hesabu hii kwa Kiswahili kwanza, na kwa kalamu, ndipo aiseme kwa Kiingereza. Nimewahi kuona darasa zima likihangaika na matamshi ya namba ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi.

Virai vya kufanyia mazoezi, fungu la kwanza. Hivi ni vya kueleza, na mwanafunzi avikariri hadi avitamke akiwa anafanya kazi nyingine ya mkono, kwa mfano kufunga mdomo wa gunia.

```
1. Good morning, sir. Welcome to our warehouse.
2. This sample is one kilogram. It comes from forty bags.
3. There are 196 nuts in one kilogram.
4. The moisture is nine point four percent.
5. The outturn is forty-seven point eight pounds.
6. I weighed it yesterday.
```

Kuhusu kirai cha 1, wanafunzi wa hapa huuliza kila msimu Kiingereza cha shikamoo ni kipi, na jibu ni kwamba hakipo. Heshima hubebwa na neno la mwisho katika salamu, ambalo hubadilika mgeni akiwa mwanamke, na kijana asihangaike kutafuta umri wa mgeni kabla ya kufungua mdomo. Katika kirai cha 6 tatizo liko kwenye wakati. Sisi husema bila wasiwasi kwamba nimeipima jana, na mwanafunzi huibeba ile -me- hadi kwenye Kiingereza, ambako haikubaliani na jana. Dawa ni kumfundisha aseme kwanza nilipima jana kwa Kiswahili, na Kiingereza kitafuata chenyewe.

Virai vya kufanyia mazoezi, fungu la pili. Hivi ni vya kujibu na kujinasua.

```
7. No, they are not wet. They are dry.
8. Sorry, is that fifteen or fifty? One-five or five-zero?
9. The truck leaves tomorrow at eight in the morning.
10. The price is decided at the auction.
```

Matatizo ya kawaida kwa wazungumzaji wa Kiswahili. La kwanza ni ndiyo. Mnunuzi akiuliza kama korosho hizi si mbichi, karani hujibu ndiyo akimaanisha kwamba ni kweli, si mbichi, na kwa Kiswahili amejibu sawasawa. Mgeni husikia kinyume, kwamba mzigo umelowa, na huandika hivyo katika daftari lake. Kirai cha 7 kimewekwa kwa ajili ya jambo hilo peke yake, na mwalimu aulize swali la kukanusha angalau mara ishirini katika kipindi, kwa sauti ya kawaida, bila kuwatahadharisha. Mwanafunzi ashike kanuni moja tu: atazame korosho badala ya kulitazama swali, na kama hazijalowa aanze na hapana.

La pili ni namba za kumi na tano na hamsini, na ndugu zake zote kuanzia kumi na tatu. Katika namba za kumi na kitu mkazo huenda mwishoni na irabu huvutwa, fiftiin. Katika makumi mkazo huanza mbele na mwisho hukatwa, fifti. Kwa kuwa mkazo wa Kiswahili umezoea kukaa silabi ya pili kutoka mwisho, sikio la mwanafunzi halitofautishi haraka, na kelele za wapagazi hazisaidii. Ndiyo sababu kirai cha 8 kinamfundisha kutaja tarakimu moja moja, njia ambayo hata wageni wenyewe huitumia wakiwa kwenye simu.

La tatu ni saa. Msimu mmoja mwanafunzi wangu alimwambia mnunuzi kwamba gari lingeondoka saa mbili asubuhi, akatafsiri ile mbili kama ilivyo na kuisahau asubuhi. Mgeni akafika saa nane mchana, jasho likimtoka, na kukuta ghala limefungwa na gari limekwisha pita Masasi. Katika kirai cha 9 mwanafunzi aongeze sita katika kila saa ya asubuhi hadi ya sita, na azoee kuonyesha kidole kwenye saa ya ukutani, ambayo mshale wake mfupi umekuwa ukisema nane muda wote.

Kuhusu matamshi kwa jumla, mwalimu asipoteze muda pale ambapo Kiswahili kimekwisha fanya kazi. Anayetamka dhahabu na thelathini kama inavyopasa anazo tayari sauti mbili ambazo wageni wengi wa Kiingereza huhangaika nazo miaka, ya kwanza ikiwa katika mwanzo wa kirai cha 2. Kazi ipo kwenye maneno yanayoishia na konsonanti, ambayo wanafunzi huyapa irabu ya ziada, weti na bagizi, na kwa baadhi yao kwenye kutenganisha l na r.

Vifaa. Vinahitajika kilo moja ya korosho ghafi, kikatio, mizani ndogo, saa ya ukutani na simu moja yenye faili la sauti. Korosho zikatwe na mwanafunzi aliyezoea, akiwa amepaka majivu au mafuta mikononi, kwa sababu utomvu wa ganda huunguza ngozi.

Upimaji. Mwanafunzi hupewa kadi yenye namba nne asizowahi kuziona, kisha mwalimu hujifanya mnunuzi kwa dakika tano na kuuliza angalau maswali mawili ya kukanusha. Atakayekosea namba moja na kuisahihisha mwenyewe amefaulu. Atakayejibu ndiyo mahali pa hapana arudie somo, hata kama matamshi yake ni mazuri kuliko ya darasa zima.

Maneno ya kutafutia. Korosho ghafi, sampuli, unyevu, bambo, ghala, mnada, namba, saa, maswali ya kukanusha, Newala.

Hali ya toleo. Hili ni toleo la 3, lililorekebishwa Septemba 2025 kabla ya msimu kufunguliwa. Kirai cha 8 kimeongezwa kwa ombi la makarani wenyewe. Somo linalotangulia ni la 13, kuhusu kupokea simu, na linalofuata ni la 15, kuhusu kujaza hati za kusafirishia mzigo hadi bandari ya Mtwara.